Krismasi ya Vitambaa na Karatasi

Kila Desemba, katika sebule nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, boksi lilelile hushushwa kutoka juu ya kabati. Ndani yake mna mipira ya kung'aa iliyonusurika kuvunjika, mashada ya dhahabu yaliyoanza kunyonyoka, malaika aliyepoteza bawa, kengele za plastiki na taa ambazo nusu yake haziwaki. Vyote hutundikwa mtini. Halafu inaletwa pamba ya dukani, inachambuliwa na kutandazwa juu ya matawi kuwa theluji, huku feni ya dari ikizunguka kwa kasi ya mwisho na watoto wakiwa vifua wazi.

Mti wa namna hiyo haudhuru mtu. Shida yake ni kwamba jicho halijui litue wapi, kwa sababu kila kitu kinagombea nafasi. Ndiyo maana baadhi ya watu huamua kuupa mti mada moja: mti wa pwani, mti wa mpenda vitabu, mti wa vitambaa na karatasi zilizokatwa nyumbani. Mada ni sheria ya nini kiingie mtini, na zaidi ya hapo ni sheria ya nini kibaki boksini. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayowashinda wengi.

Mtindo huu wa mada ulipata umaarufu mkubwa Marekani kupitia Ikulu yao. Mwaka 1961 Jacqueline Kennedy, mke wa Rais John F. Kennedy, aliupamba mti wa Chumba cha Buluu kwa kufuata tamthilia ya dansi ya Nutcracker, na tangu hapo wake wa marais wamekuwa wakichagua mada. Mfano unaofundisha zaidi ni wa Barbara Bush mwaka 1989. Yeye alikuwa mpiganiaji wa kusoma na kuandika, kwa hiyo mada yake ikawa vitabu. Lakini hakutundika vitabu. Wafanyakazi wa Ikulu walishona wanasesere 80 wa kitambaa, kila mmoja akiwa mhusika wa hadithi ya watoto, na hao ndio waliotundikwa.

Hapo pana siri ya kazi nzima. Vitabu ndivyo vilivyotoa habari ya kusimulia, kitambaa ndicho kilichoifanya ionekane kitu kimoja. Anayechagua habari tu, kwa mfano "pwani", anaweza kuishia na makombe, boti ya plastiki, samaki wa bati, mchanga kwenye chupa na nanga ya mbao, na mti ukafanana na duka la zawadi. Anayechagua kwanza mali atakayotumia, yaani kitambaa na karatasi peke yake, tayari ameshapata umoja, hata kabla hajaamua atengeneze samaki au nyota.

Kabla ya yote hayo, mti wenyewe una neno lake. Pwani ya Tanzania na Kenya familia nyingi hutumia tawi au mche wa mvinje. Kile kinachoonekana kama majani marefu membamba ya mvinje ni vitawi vyenye pingili, na majani halisi ni magamba madogo mno yaliyozunguka pingili hizo. Vitawi hivyo ni laini na huning'inia. Ukitundika kombe la ukubwa wa ngumi, tawi zima huinama mpaka pambo linatazama sakafu. Kenya bara, ambako matawi ya saipresi huuzwa kando ya barabara Desemba ikiingia, hali ni nyingine: saipresi imesongamana, mapambo hukaa nje tu kwa kuwa ndani hakuna nafasi. Mti wa plastiki una waya ndani ya matawi, hivyo unabeba uzito na unakunjika unavyotaka.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua pambo zito kuliko yote uliyokusudia, litundike kwenye ncha ya tawi la katikati, kisha usubiri kidogo. Ncha ikishuka chini ya mlalo na kubaki hapo, mada yako ni nzito kuliko mti wako. Unaweza kulisogeza pambo ndani karibu na shina, lakini mapambo yote yakisogezwa ndani mti unabaki mtupu nje. Kwa mvinje, basi, kitambaa na karatasi si suala la ladha tu. Ni vitu vinavyobebeka.

Mti wa pwani ndio unaowavutia watu haraka, hasa waishio hatua chache kutoka baharini, na ndio wenye mitego mingi. Kombe lililookotwa ufukweni likiwa na mabaki ya nyama ndani halitoi harufu siku ya kwanza. Siku ya tatu, kwenye sebule yenye joto, kila mgeni atauliza kuna nini. Zaidi ya harufu kuna sheria. Katika mbuga za bahari za Kenya na hifadhi za bahari za Tanzania hairuhusiwi kujiokotea makombe wala matumbawe. Farasi wa baharini, matumbawe magumu na makombe makubwa ya chaza wa jamii ya Tridakna yamo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo ndugu aliyekuja likizo kutoka Ulaya akibeba pambo la namna hiyo kwenye sanduku anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege. Na kombe tupu nalo lina mwenyewe: wapo kaa wadogo wenye sehemu ya nyuma laini isiyo na gamba gumu ambao huishi kwa kuhamia ndani ya makombe yaliyoachwa.

Pwani ina kitu kingine kinachookotwa kwa wingi bila kumkosea mtu, nacho ni ndala. Jijini Nairobi, shirika la Ocean Sole linachonga tembo, twiga na kasa kutokana na ndala zilizookotwa fukweni, na Lamu ilijengwa dau ya plastiki iliyotumika, Flipflopi, iliyofunikwa kwa vipande vya ndala za rangi zote. Mwaka 2019 chombo hicho kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Ndala iliyooshwa hukatika kwa kisu kikali, ni nyepesi sana, na samaki wa ndala mwenye urefu wa sentimita nane anakaa vizuri kwenye mvinje. Anayetaka mti wa pwani afikirie hivyo: samaki wa ndala wote, au ngalawa za karatasi zote, lakini asivichanganye na nanga za bati.

Mti wa mpenda vitabu una jaribu lake, la kuchana vitabu. Picha za mapambo mitandaoni zimejaa malaika waliokunjwa kutokana na kurasa za riwaya, na mtu anayependa vitabu kweli akiziona roho inamsinyaa. Hakuna haja. Ukurasa mmoja ukipigwa fotokopi mara kumi unatoa karatasi za kutosha mapambo kumi, na kitabu kinarudi rafuni salama. Tena karatasi ya fotokopi ni imara kuliko ya vitabu vingi vya zamani, ambavyo kurasa zake zimegeuka rangi ya chai na huvunjika kwenye mkunjo.

Msomaji wa Kiswahili ana utajiri wa kumtosha. Kusadikika ya Shaaban Robert inahusu nchi iliyo angani, na nchi iliyo angani haihitaji kubembelezwa ili ining'inie mtini: wingu la kitambaa cheupe na vibanda vitatu juu yake vinatosha. Kutoka Adili na Nduguze wanatoka manyani wawili. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, anatambulika kwa kiko chake. Hekaya za Abunuwasi zina sufuria iliyozaa, na hiyo ni sufuria kubwa ya karatasi ya fedha yenye kitoto chake kikining'inia chini kwa uzi. Uzuri wa mti kama huu ni kwamba mgeni anasimama mbele yake akikisia. Ubaya wake ni kwamba asiyevisoma vitabu hivyo anaona nyani wawili na sufuria, kwa hiyo wahusika wawe wachache, kumi au kumi na wawili, na nafasi iliyobaki ichukuliwe na nyota na mioyo ya kawaida ya karatasi.

Sasa kwenye vitambaa na karatasi vyenyewe, ambako kazi ni tamu zaidi.

Watu hudhani mapambo ya karatasi ni ya maskini aliyekosa mipira ya dukani. Historia inasema kinyume. Moja ya maelezo ya zamani kabisa ya mti wa Krismasi uliopambwa yanatoka Strasbourg mwaka 1605. Mwandishi wake anasema watu huko waliweka miti sebuleni na kuitundikia mawaridi yaliyokatwa kwa karatasi za rangi nyingi, pamoja na matofaa, vibiskuti vyembamba na sukari. Mipira ya kioo ilikuja zaidi ya miaka mia mbili baadaye, kutoka kwa wapuliza vioo wa kijiji cha Lauscha, Ujerumani. Karatasi ndiyo iliyotangulia.

Karatasi pia ndiyo iliyozaa nyota ya Moravian. Katika karne ya 19, kwenye shule ya Kanisa la Moravian mjini Niesky, Ujerumani, nyota hiyo ilitengenezwa kwenye somo la jometri. Ile ya kawaida ina miale 25 ya karatasi, 17 yenye kitako cha mraba na minane yenye kitako cha pembetatu, ikiunganishwa kuwa tufe lenye ncha kila upande. Jina lililoshika zaidi ni nyota ya Herrnhut, mji ambako baadaye ilianza kutengenezwa kwa biashara. Wamisionari wa kanisa hilohilo walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye Wamoravian wengi kuliko zote duniani. Nyota yenye miale 25 si kazi ya anayeanza, ila ya mtu mwenye subira na rula nzuri, na inafaa kukaa juu kabisa ya mti.

Pambo la kuanzia ni jepesi zaidi: moyo wa kusuka wa Kidenishi. Ule wa zamani kuliko yote unaojulikana ulisukwa mwaka 1860 na Hans Christian Andersen, mwandishi wa hadithi za watoto, ambaye alikuwa hodari wa mkasi kama alivyokuwa hodari wa kalamu. Moyo huu ni kikapu. Ukiubinya pembeni unafunguka, na ndani unaingia karanga mbili tatu au peremende.

Unahitaji vipande viwili vya karatasi vya rangi tofauti, kila kimoja upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 18. Kila kimoja kikunjwe katikati ili kiwe sentimita 6 kwa 9. Upande usio na mkunjo ukatwe nusu duara, hapo ndipo mabega ya moyo yatakapotoka. Kutoka upande wenye mkunjo, kata mistari miwili kwenda juu ili upate ncha tatu zenye upana wa sentimita 2 kila moja. Urefu wa mikato hiyo ndio unaohitaji makini: si sentimita 6 kamili, bali 6 na milimita mbili au tatu. Milimita hizo ni nafasi ya unene wa karatasi. Ukizibania, ncha mbili za kwanza zitapita vizuri na ya tatu itagoma, na ukiilazimisha itachanika penye kona. Mioyo mingi inayotupwa ilifia hapo.

Kwenye kusuka ndipo mikono iliyozoea ukili hukosea. Mkeka unasukwa juu, chini, juu, chini. Moyo huu ukisukwa hivyo unapendeza lakini haufunguki, kwa sababu pande mbili zimeshonana. Kila ncha hapa ni kitanzi, kwa kuwa karatasi imekunjwa. Basi weka vipande viwili vikipishana kama herufi L. Ncha ya kwanza ya nyekundu ipite ndani ya kitanzi cha kwanza cha nyeupe. Kisha ifunguke yenyewe na kukumbatia kitanzi cha pili cha nyeupe. Kisha ipite ndani ya cha tatu. Ncha ya pili ifanye kinyume: ikumbatie, ipite ndani, ikumbatie. Ya tatu irudie kama ya kwanza. Ukimaliza ingiza kidole katikati. Kidole kikizama mpaka kwenye ncha ya moyo, umepatia. Kikigonga ukuta, kuna ncha moja iliyopita juu badala ya kupita ndani. Gundisha mkono wa kushikia, sentimita 20 kwa moja na nusu, na moyo uko tayari kutundikwa.

Uchaguzi wa karatasi unaamua mengi. Gazeti ni bure lakini wino wake huacha alama vidoleni, na likikaa kwenye mwanga miezi michache huwa njano. Manila ni nzuri kwa nyota, nene mno kwa moyo. Kalenda za ukutani zina rangi za kuvutia, ila zile nzito hupasuka rangi kwenye mkunjo na kuonyesha mstari mweupe, kwa hiyo zijaribiwe kwanza kwa kukunja kona. Karatasi ya kaki ya bahasha kubwa ndiyo isiyosifiwa inavyostahili: ni imara, inakunjika safi, na rangi yake ya udongo inatuliza kitenge chenye kelele.

Kitenge kina kelele hasa. Kwenye gauni, ua lenye upana wa sentimita 30 linapendeza, lakini kwenye nyota ya sentimita 10 ua hilo linakuwa doa la rangi moja na nusu. Mafundi wazoefu wana njia yao ya kuchagua. Kwenye kadibodi hukata tundu lenye umbo na ukubwa wa pambo, kisha huiteleza kadibodi hiyo juu ya kitambaa. Macho yanaona sehemu ile tu itakayobaki baada ya mkasi. Mahali ambapo tundu linaonyesha kituo cha ua, au michirizi inayokutana katikati, ndipo panapochorwa kwa chaki. Kanga nazo zina pindo lenye michoro midogo inayojirudia, na pindo la kanga iliyochakaa likichanwa kwa upana wa sentimita 3 linatoa utepe ambao hakuna duka linaouza.

Nyota ya kitenge hushonwa hivi. Kata vipande viwili, viweke uso kwa uso, shona ukingoni ukiacha tundu la sentimita 3. Kabla ya kugeuza, punguza kitambaa kwenye ncha na ukate vidogo kwenye kona za ndani, bila kuufikia uzi. Asiyekata kona za ndani ataiona nyota yake ikigeuka yenye makunyanzi, imevutwa kama soksi iliyofuliwa vibaya. Geuza, sukuma ncha kwa kijiti butu, jaza, ziba. Cha kujazia kilicho bora ni sufi, ile inayotoka kwenye maganda ya msufi, kwa kuwa ni nyepesi kuliko pamba. Pamba nayo inafaa, mradi iwe kidogo. Vipande vidogo vya vitambaa havifai kujazia kwenye mvinje, maana ni vizito na vinatoa matuta.

Asiye na cherehani hajafungiwa mlango. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji kwa vipimo sawa, loweka kipande cha kitenge, kamua, kitandaze juu ya plastiki na uache kikauke. Kitaganda kama kadi. Hapo kinakatwa kwa mkasi bila kuchambuka nyuzi pembeni, na unaweza kukikunja na hata kukisuka moyo kama karatasi. Wengine hutumia uji wa unga wa ngano badala ya gundi. Ni rahisi, na unagandisha vizuri. Lakini mende wanaupenda, na mtu akifungua boksi Desemba inayofuata anakuta nyota zenye matundu na kinyesi cha mende. Uji utumike kwa mapambo ya mwaka mmoja tu.

Tuchukue sasa mti wa mita moja na nusu, kimo cha kawaida sebuleni, tuupambe wote. Mapambo 60 yanatosha kuujaza bila kuusonga: mioyo 20, nyota za kitenge 25, na 15 ya chochote kinachoendana na mada, wahusika wa vitabu au samaki. Mkono uliozoea humaliza moyo mmoja kwa dakika kama kumi, kwa hiyo mioyo yote ni jioni mbili za mazungumzo. Nyota za kushona huchukua muda zaidi, na ndiyo sababu ya kuanza nazo.

Kinachowaumbua watu ni mnyororo wa karatasi. Kwa mti huu unahitajika mnyororo wa mita 12 au 13 ili uuzunguke kutoka juu hadi chini bila kubana. Kila pete iliyokatwa karibu sentimita 15 kwa 2 huongeza kama sentimita 4 za urefu, kwa hiyo zinahitajika pete zisizopungua 300. Karatasi moja ya A4 inatoa vipande 20, basi karatasi 16 zitafikisha. Si nyingi kwa gharama, ila ni pete 300 za kubana kwa kidole mpaka gundi ishike. Hii ni kazi ya watoto wanne na redio, si ya mtu mmoja usiku wa tarehe 23.

Rangi zisizidi tatu za msingi. Kitenge kimoja kimeshabeba rangi tano au sita, na vitenge vinane tofauti mtini vinarudisha ile vurugu ya boksi la zamani. Njia salama ni kuchagua kitenge kimoja kinachotawala, kuchukua rangi mbili kutoka ndani yake, na kuzitumia kwenye karatasi tupu zisizo na michoro. Ukimaliza kutundika, rudi mlangoni, finya macho mpaka mti uwe ukungu, na utazame. Sehemu inayoruka nje ya ukungu ina rangi ya ziada. Sehemu yenye giza ina upungufu.

Kutundika kuanze ndani kuelekea nje, na vikubwa vianzie chini. Waya wa kulabu za dukani hukata vitawi vya mvinje, kwa hiyo tumia uzi wa katani au wa pamba, kitanzi kirefu cha sentimita 10 kinachovikwa juu ya tawi na siyo kufungwa, ili siku ya kupambua usilazimike kukata. Mti wa kukatwa utiwe kwenye ndoo ya mawe na maji, na maji yaongezwe kila siku. Ukianza kupukutika kwa kuguswa tu, umeshakauka. Mvinje mkavu na karatasi 300 ni kuni na kibiriti chake, kwa hiyo mishumaa haina nafasi hapa, wala zile taa za zamani zinazochoma vidole. Taa ndogo za LED hazipati joto la kuunguza karatasi, lakini nazo zizimwe watu wanapokwenda kulala.

Pwani kuna adui mwingine wa karatasi, unyevu. Mnyororo uliotengenezwa Tanga au Zanzibar hulegea baada ya siku chache na mioyo myembamba hujikunja. Dawa ni kupaka kila upande ile gundi nyeupe iliyopunguzwa maji, mpako mmoja mwembamba, na kuacha ikauke kabla ya kukata. Karatasi haitakuwa ya kuzuia mvua, ila itasimama mpaka Mwaka Mpya.

Sikukuu zikiisha, nyota zianikwe juani nusu siku kabla ya kufungiwa, kwa kuwa kitambaa kilichojazwa kinashika unyevu ambao mkono hausikii. Zikae kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mioyo ilazwe bapa ndani ya gazeti. Mnyororo usihifadhiwe. Hutoka boksini ukiwa umepondeka na kugeuka fundo, na mwaka ujao watoto watataka kutengeneza mwingine.

Anayetaka kufanya kazi hii mwaka huu aende kwa fundi cherehani wa mtaani mwezi Oktoba, kabla ya msongamano wa sare na magauni ya sikukuu, amwombe asitupe vipande vinavyobaki chini ya meza. Kiroba kimoja cha unga wa kilo tano, kikijaa vipande hivyo, kinatosha nyota zote 25 na kinabaki.